Mauzo ya Desemba, Pesa ya Februari

Mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare jijini Dar es Salaam aliniletea kauntabuku yake mwanzoni mwa Januari, akaiweka mezani na kuniambia kwamba ameamua kuachana na oda za shule. "Mhasibu, nimeshona sare mia sita, na daftari linasema nimepoteza milioni nne. Bora nibaki na wateja wa dukani."

Nilipitia kurasa zake mstari kwa mstari. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kila shilingi iliyoingia kwa lipa namba au benki ilikuwa upande wa kushoto, kila iliyotoka upande wa kulia, pamoja na tarehe. Daftari lilikuwa safi, na jibu lake halikuwa kweli.

Biashara ile alikuwa ameianza kwa jina lake mwenyewe, na cherehani mbili. Mteja alikuja na kitambaa chake, akapimwa, akalipa siku ya kuchukua nguo. Kwa biashara ya namna hiyo, kuandika pesa inapoingia na inapotoka kunatosha kabisa. Wahasibu huuita utaratibu huo msingi wa fedha taslimu. Mama anayekaanga maandazi alfajiri na kuyamaliza kabla ya saa nne hana sababu ya kutafuta utaratibu mwingine, kwa kuwa kazi, mauzo na pesa vyote vinatokea siku moja.

Mambo hubadilika pale kazi inapofanyika mwezi huu na pesa yake ikaja mwezi mwingine. Kwa mama huyu yalibadilika mara tu alipopata mteja wa kwanza wa mkopo, na oda ya shule ilikuwa hivi.

Mwezi Novemba shule iliagiza sare 600 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla milioni 18. Ikatoa malipo ya awali ya milioni 6, nyingine 12 zilipwe Februari, baada ya wazazi kumaliza ada. Novemba hiyohiyo mama alinunua majora ya kitambaa ya milioni 8. Alilipa nusu taslimu, nusu akakopeshwa na muuza vitambaa hadi Januari. Desemba aliwalipa mafundi milioni 3, yaani 5,000 kwa kila sare, na mwenye nyumba akataka kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo, Desemba hadi Mei, milioni 3 nyingine. Sare zote zilikabidhiwa shuleni tarehe 20 Desemba, na mwalimu wa stoo akasaini hati ya kupokea mzigo.

Ukifuata pesa peke yake, zimeingia milioni 6 na zimetoka milioni 10. Hapo ndipo ilipotoka hasara yake ya milioni 4.

Nilimwomba tuanze upya kwa swali tofauti. Badala ya kuuliza pesa imeingia lini, tuliuliza mauzo yametokea lini, kisha kuyapata mauzo hayo kumegharimu nini. Huu ndio msingi wa malimbikizo. Mapato huandikwa siku unayotimiza wajibu wako kwa mteja, hata kama hajalipa. Gharama huandikwa katika kipindi ilichotumika, hata kama uliilipa kabla au utailipa baadaye.

Tukaanza na milioni 6 za Novemba. Yeye alikuwa ameziandika mauzo, na Novemba ikaonekana mwezi mzuri. Lakini siku ile hakuna sare hata moja iliyokuwa imekabidhiwa. Kama cherehani zingeungua usiku huo, shule ingedai pesa yake irudi. Malipo ya awali ni deni ambalo kampuni inalilipa kwa sare, kwa hiyo huandikwa upande wa madeni na hugeuka kuwa mauzo siku mzigo unapokabidhiwa. Hapa ndipo nimeona wenye biashara wengi wakiumia. Advansi inaonekana kama faida, mtu ananunua pikipiki, halafu kitambaa kinakosa pesa.

Tarehe 20 Desemba, kwa hati ile iliyosainiwa, mauzo yakawa milioni 18 kamili. Sita zilikwisha kulipwa, 12 shule ikawa inadaiwa.

Kisha kitambaa. Tuliingia stoo na kupima yaliyobaki kwenye majora, tukakuta kitambaa cha milioni 1 hakijakatwa. Basi kilichoingia kwenye sare zile ni cha milioni 7, na hicho ndicho gharama ya oda. Kile kilichobaki ni mali, kitakuwa gharama siku kitakapouzwa kikiwa nguo. Hapa haijalishi kwamba nusu ya bei ya majora bado anadaiwa. Kitambaa kimekwisha kukatwa na kuvaliwa na watoto, na deni la milioni 4 linakaa kwenye orodha yake hadi litakapolipwa.

Mafundi ni milioni 3 zote, kwa sababu kazi yao ilikwisha. Pango lilimshangaza zaidi. Alilipa milioni 3, lakini Desemba imetumia mwezi mmoja tu kati ya sita, yaani shilingi 500,000. Milioni 2 na nusu zilizobaki ni haki yake ya kukaa mle ndani hadi Mei.

Toa 7, toa 3, toa nusu, kutoka kwenye 18. Oda ya shule ilikuwa imempa faida ya milioni 7 na nusu.

Hakuniamini mara moja, na alikuwa na haki. "Sasa hiyo faida iko wapi? Benki hakuna kitu." Hili ni swali zuri kuliko yote katika uhasibu, na lazima lipate jibu la kuhesabika. Tulichukua karatasi tukaandika ilipo tarehe 31 Desemba: shule inadaiwa milioni 12, pango lililolipwa mbele milioni 2 na nusu, kitambaa stoo milioni 1. Jumla milioni 15 na nusu. Kutoka hapo tukatoa milioni 4 anazodaiwa na muuza vitambaa, na milioni 4 za mfukoni mwake alizozizamisha kwenye oda. Ikabaki milioni 7 na nusu ileile. Hesabu ya faida ikikataa kukutana na orodha ya mali na madeni namna hii, kuna kitu kimesahaulika, na usilale kabla hujakipata.

Angalia daftari lake la zamani lingesema nini miezi miwili iliyofuata. Januari angelipa milioni 4 za kitambaa, Februari zingeingia 12. Kwa maandishi yale, miezi ambayo mafundi walikuwa wamekaa bila kazi ingeonyesha ziada ya milioni 8, na mwezi waliokesha wakishona ungeonyesha hasara. Mtu anayepanga bei, anayeamua oda ya kukataa, au afisa wa benki anayepima mkopo, wote wangedanganywa na maandishi ya mtu mkweli.

Kuhusu sheria, mama huyu hakuwa na uchaguzi mkubwa kama alivyodhani. Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mfanyabiashara binafsi anaweza kutumia msingi wa fedha taslimu au wa malimbikizo katika biashara yake. Kampuni hutakiwa kukokotoa mapato yake ya kodi kwa malimbikizo. Siku alipopata cheti cha usajili BRELA, kauntabuku ya pesa peke yake iliacha kutosha mbele ya TRA. Wengi husajili kampuni ili wapate zabuni na wasijue kwamba namna ya kuhesabu nayo imebadilika.

Na malimbikizo yana makali yake. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, kwa hiyo oda hii, ikihesabiwa peke yake, inaleta kodi ya shilingi 2,250,000 juu ya mauzo ambayo sehemu kubwa bado iko mikononi mwa shule. Shule ikichelewa hadi Juni, kodi haisubiri nayo. Shule isipolipa kabisa, deni haliwezi kufutwa kwa kodi kwa sababu tu umekata tamaa. Lazima uwe umechukua hatua za kutosha kulifuatilia na uwe na sababu ya kuamini halitalipwa, na utahitaji barua na kumbukumbu za kuonyesha hivyo. Hati ile ya kupokea mzigo yenye saini ya mwalimu wa stoo ni mali. Itunze kama unavyotunza risiti.

Ndiyo maana sikumwambia atupe kauntabuku. Faida ya milioni 7 na nusu haiwezi kumlipa muuza vitambaa Januari, na kampuni inaweza kufa ikiwa na faida nzuri kwenye karatasi. Kauntabuku iendelee kuandikwa kila siku, na pembeni yake awe na ukurasa wa pesa inayotarajiwa kuingia na kutoka wiki kwa wiki. Kilichoongezeka ni kazi ya siku ya mwisho wa mwezi. Aliweka kurasa tatu nyuma ya daftari: wanaotudai, tunaowadai, na kilichomo stoo. Ukurasa wa nne mdogo ni wa vilivyolipwa mbele, pango likiwa la kwanza, na kila mwezi hukatwa 500,000 kutoka pale kwenda kwenye gharama. Malipo ya awali ya wateja huingia kwenye ukurasa wa wanaotudai, jambo ambalo mwanzoni lilimchekesha.

Tulichagua tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuhama, na tukaandika kurasa hizo zote kama zilivyokuwa asubuhi hiyo. Bila hatua hiyo kosa moja linakuja karibu kwa hakika. Pesa ya mauzo ya zamani inaingia, karani anaiandika mauzo mapya, na mauzo yaleyale yanahesabiwa mara mbili, Desemba na tena Februari. Dalili yake utaiona haraka: mwezi una mauzo makubwa ambayo hayana hati za makabidhiano, na mteja aliyekwisha kulipa bado anasomeka kwenye orodha kwamba anadaiwa.

Katikati ya Februari alinipigia simu. Pesa ya shule ilikuwa imeingia benki asubuhi hiyo, na karani wake alikuwa ameshika kalamu juu ya safu ya mauzo. "Nimemzuia," akasema. "Nimemwambia afungue nyuma, ukurasa wa tunaowadai, apige mstari kwenye jina la shule. Halafu aiandike pesa benki. Nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Akaniuliza kama naweza kupita wiki ile kumsaidia kukokotoa bei, kwa sababu shule ilikuwa imeagiza masweta.