Majibu ya mashine yaingia katika tafiti za soko

MFANYABIASHARA anayelipia utafiti wa soko kwa njia ya mtandao siku hizi hana hakika kama maoni anayoletewa yametoka kwa wateja au yametungwa na kompyuta. Tatizo haliko sana katika maswali ya kuweka alama ya vema. Liko katika yale yanayomtaka mhojiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Wahojiwa hao hupatikana kupitia makampuni kama Prolific ya London, au soko la vibarua vya kompyuta la Amazon liitwalo Mechanical Turk, ambalo lilianza mwaka 2005. Mtu hulipwa kwa kila dodoso analomaliza. Kuweka vema ni kazi ya sekunde chache, lakini kuandika sentensi tatu au nne kunakula muda, na muda ndiyo pesa yake. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, anaweza kunakili swali, kulipeleka huko na kubandika jibu. Malipo ni yale yale.

Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi, waliwapa wafanyakazi 44 wa Mechanical Turk kazi ya kufupisha maandishi ya kitabibu. Walikadiria kuwa kati ya asilimia 33 na 46 ya kazi hiyo ilifanywa kwa msaada wa mashine. Katika utafiti mwingine, wa wanasosholojia wa Marekani, wahojiwa wa Prolific waliulizwa wenyewe, na asilimia 34 walikiri kuwa wamewahi kuitumia kujibu maswali ya kujieleza. Majibu ya mashine yalionekana kufanana mno na kuwa na maneno mazuri kupita yale ya watu.

Hapo ndipo mnunuzi wa ripoti anapoumia. Chukua mfano wa msafirishaji wa kahawa wa Moshi anayetaka kujua kama Waingereza watanunua kahawa iliyokaangwa na kufungashwa Tanzania. Watu 400 wanajibu. Mmoja anaandika kuwa pakiti za namna hiyo zikishafunguliwa hazifungiki tena, kahawa inapoteza harufu kabla ya wiki kwisha. Mashine itasema mteja huzingatia ubora, bei na mazingira. Jibu la kwanza lina thamani ya pesa. La pili msafirishaji alilijua kabla hajalipa hata senti.

Wazo la haraka ni kuyapitisha majibu yote katika programu ya kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT wenyewe, walitoa programu hiyo Januari 2023. Kwa hesabu zao, ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na iliwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Tuseme katika yale majibu 400 ya kahawa, 80 ni ya mashine. Programu ingenasa kama 21 kati ya hayo, na kati ya 320 ya watu ingetupa 29. Yaani majibu 50 yanaondolewa, mengi yakiwa ya watu halisi, huku 59 ya mashine yakibaki. OpenAI waliifunga Julai mwaka huo huo.

Programu zilizofuata zina nafuu, ila ugumu wa jibu fupi haujaondoka. OpenAI walionya kuwa chini ya herufi 1,000 yao haikuwa ya kutegemewa, na majibu mengi ya dodoso hayafiki hata nusu ya hapo. Isitoshe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu saba mwaka 2023 kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilidhaniwa ni za mashine. Mhamiaji anayeishi Leicester na kunywa kahawa kila siku angetupwa nje ya utafiti kwa sababu ya Kiingereza chake cha shule.

Watu wa Lausanne walikuwa na nafuu moja kubwa: kazi ile ile iliwahi kufanywa na watu kabla ChatGPT haijazaliwa. Waliifundisha programu yao tofauti iliyopo katika kazi hiyo hiyo, badala ya maandishi ya jumla. Tena walirekodi namna maneno yalivyoingia katika ukurasa, kama yaligongwa herufi kwa herufi au yalibandikwa.

Njia hiyo inafaa hata kwa utafiti mdogo. Mtafiti wa kahawa hulipeleka swali lake kwa mashine mara hamsini au mia, kisha huyalinganisha majibu hayo na aliyoletewa. Upande wa pili, ukurasa wa dodoso hurekodi tukio la `paste` na nyakati ambazo mhojiwa ametoka kwenye dirisha. Wahojiwa wanapaswa kuambiwa mapema kuwa hayo yanarekodiwa. Jibu la maneno 70 humchukua mwandishi wa kawaida karibu dakika mbili. Likitua lote kwa mpigo mmoja sekunde 15 baada ya mhojiwa kurudi dirishani, kuna la kuuliza.

Hata hivyo dalili moja haitoshi. Wapo wanaoandika kwanza pembeni kisha wakabandika, na wapo wanaosema kwa sauti simu ikaandika. Kanuni inayofaa ni dalili mbili kwa pamoja, nayo iandikwe kabla mtu yeyote hajayaona majibu ya vema. La sivyo mtafiti ataondoa yale yasiyompendeza.

Tuseme majibu 70 ya kahawa yalibandikwa, na kati yake 52 yanafanana na ya mashine. Hao 52 wanaondolewa pamoja na vema zao zote, maana aliyekwepa kuandika huenda hata maswali hakuyasoma. Kabla ya kuondoa, 248 kati ya 400 walisema watanunua, yaani asilimia 62. Ikiwa 44 kati ya walioondolewa walikuwa wa "nitanunua", wanabaki 204 kati ya 348, chini kidogo ya asilimia 59. Ripoti nzuri huonyesha hesabu zote mbili. Waliotiliwa shaka walipwe tu, kwani kumnyima mtu ujira kwa kukisia ni kutafuta ugomvi usio na faida.

Kinga nayo ina sehemu yake. Katika jaribio lao la pili, watafiti wa Lausanne waliwaomba wafanyakazi wasitumie mashine na wakazuia kubandika. Matumizi yalishuka kwa karibu nusu.

Lakini hata kibodi si shahidi wa kudumu. Novemba 2025 mtafiti Sean Westwood wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alichapisha matokeo ya programu aliyoiunda ijibu dodoso zima peke yake. Ilipita asilimia 99.8 ya maswali ya mtego, na iliiga hata uchapaji wa mtu anayekosea herufi na kurudi kusahihisha. Kwa mhojiwa wa namna hiyo, kurekodi `paste` hakusaidii kitu. Kinachobaki ni kumhakiki mtu mwenyewe kabla hajaandikishwa, au kumhoji kwa simu na ana kwa ana, jambo linalopandisha gharama.

Kwa sasa mnunuzi wa ripoti anaweza kudai mambo matatu: majibu yote ya kujieleza kama yalivyoandikwa, idadi ya walioondolewa na kwa dalili zipi, na tarehe kanuni hiyo ilipowekwa. Kampuni iliyofanya kazi hiyo kweli inayo majibu hayo tayari, na kuyatuma hakuihitaji zaidi ya siku moja.