Salio Lililokwisha Kuahidiwa

Tuchukue mfano wa halmashauri ya wilaya yenye kasma ya matengenezo ya magari ya shilingi milioni 60 kwa mwaka. Kufikia Februari imelipa milioni 22. Ukitoa hizo, zinabaki milioni 38, na mkuu wa idara anayetaka kupeleka gari gereji kwa milioni 14 haoni kikwazo. Lakini gereji moja ina oda ya milioni 18 ambayo ankara yake haijafika, na idara nyingine imeidhinishiwa ombi la milioni 9 linalosubiri kuandikiwa oda. Salio la kweli ni milioni 11. Milioni 14 hazipo.

Hapo ndipo madeni mengi ya taasisi za umma huzaliwa. Serikali hujifunga siku inaposaini oda, na malipo ya baadaye hutimiza tu ahadi iliyokwisha kutolewa. Ndiyo maana mifumo unganishi ya fedha, ile inayoitwa ERP, huandika ahadi yenyewe kwenye vitabu na kuzishikilia fedha zake kabla ya senti moja kutoka benki. Tanzania serikali kuu ilitumia Epicor kwa miaka mingi kabla ya MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Kenya hutumia IFMIS.

Kazi hupita hatua tatu. Ombi likiidhinishwa, mfumo hushikilia kiasi chake kwa muda. Oda, ambayo kila mzabuni huijua kwa jina la LPO, ikitoka, fedha za ombi huachiwa na za oda hushikiliwa mahali pake. Ankara ikiingizwa baada ya kazi kupokelewa, ahadi hufutwa na matumizi halisi huandikwa. Kila hatua hufuta iliyotangulia ili shilingi moja isihesabiwe mara mbili.

Turudi kwenye gereji. Ankara inakuja ya milioni 16.5 badala ya 18. Mfumo unaandika 16.5 kama matumizi, na milioni 1.5 zinapaswa kurudi kwenye kasma, ili salio lifike milioni 12.5. Hilo hutokea pale tu mhasibu anapoifunga oda. Asipoifunga, mfumo hudhani kuna kazi iliyobaki, na milioni 1.5 hukaa zimeshikiliwa hadi Juni huku idara zikiambiwa kasma haina kitu. Orodha ya oda zilizo wazi zaidi ya siku 90 ni karatasi ambayo kila mkuu wa fedha angepaswa kuipitia kila mwezi. Ni wachache wanaoiomba.

Kuna swali la mpangilio pia. Mfumo unaweza kuwekwa uzuie kabisa ombi linalozidi salio, au utoe onyo tu na kumruhusu mtumiaji aendelee. Kwa fedha za umma naona onyo halitoshi: mtu mwenye haraka huzoea kulibonyeza bila kusoma.

Hata kizuizi kikali hulinda kile tu kinacholinganishwa nacho. Kasma ikiwa na milioni 60 kwa mwaka huku Hazina ikiwa imetoa milioni 25 tu hadi Februari, mfumo unaopima ahadi kwa bajeti ya mwaka utaruhusu oda zisizo na fedha. Oda itakuwa halali kabisa na mzabuni atasubiri miezi. Ahadi zinapaswa kupimwa kwa fedha zilizokwisha kutolewa, au angalau kwa mgao wa robo mwaka unaoaminika.

Tatizo baya zaidi liko nje ya kompyuta. Ofisa anampigia simu mwenye gereji, gari linatengenezwa, ankara inaletwa, na hapo ndipo LPO inaandikwa ili malipo yapite. Kwenye vitabu kila kitu kimenyooka, kumbe udhibiti haukuwepo siku uliyohitajika. Dalili yake ni rahisi kuiona: weka tarehe ya oda kando ya tarehe ya ankara. Oda iliyotoka siku ileile ya ankara, au baada yake, iliandikwa kufunika jambo lililokwisha kutendeka. Zikiwa nyingi katika idara moja, mkaguzi ana pa kuanzia.

Halafu inakuja 30 Juni. Idhini ya matumizi ya mwaka kwa kawaida hufa siku hiyo, ila ahadi kwa mzabuni haifi nayo. Oda ambayo kazi yake haijafanyika inaweza kufutwa kwa makubaliano. Iliyokwisha kupokelewa ni deni, na lazima itengewe fedha katika kasma ya mwaka mpya kabla ya oda yoyote mpya kuingizwa. Halmashauri yetu ikiisahau ile milioni 9 ya Februari, itaanza Julai ikiona milioni 60 kamili, na milioni 9 kati ya hizo zitakuwa za mtu aliyemaliza kazi yake miezi kadhaa iliyopita.