Swali Moja, Majibu Mawili

Tuchukue mfano wa mkulima wa Njombe. Asubuhi anafungua programu ya akili unde kwenye simu, anaeleza shamba lake liko wapi, kisha anauliza apande mahindi lini. Anashauriwa asubiri mvua za Novemba. Jioni anafungua mazungumzo mapya, anaandika swali lilelile bila kutaja Njombe. Anaambiwa Machi.

Machi ni ushauri mzuri kwa maeneo yenye vuli na masika, kama sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania. Njombe ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba hivi hadi Aprili. Akisubiri Machi, amechelewa.

Mbona programu imesahau? Kwa kweli haikuwahi kukariri. Modeli ya lugha hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha namba zilizotokana na mafunzo hayo hubaki kama zilivyo. Kuzungumza na mtu hakuzibadilishi. Ndani ya mazungumzo mamoja huonekana kukumbuka kwa sababu kila ujumbe unapotumwa, programu huuambatanisha na yaliyotangulia, na modeli huyapitia yote upya. Mazungumzo mapya huanza bila Njombe.

Kuna sababu ya pili. Hata mazungumzo yote mawili yakianza matupu, majibu yanaweza kupishana. Modeli huunda jibu kipande kwa kipande, ikikadiria kila mara ni neno gani linafaa kufuata. Tuseme "Machi" limepata nafasi 60 kati ya 100 na "Novemba" 30. Programu nyingi hazichukui la juu kila mara. Hupiga kitu kama kura, na mara nyingine "Novemba" hushinda. Neno likishatoka huwa sehemu ya maandishi, na sentensi zinazofuata hulitetea kwa ufasaha uleule.

Mwaka 2024 OpenAI ilianza kuijaribu kumbukumbu ndani ya ChatGPT. Mtumiaji akiiwasha, jambo kama "analima Njombe" huhifadhiwa pembeni na kuingizwa katika mazungumzo yajayo. Ni daftari linalosomwa tena.

Binadamu hana daftari tu. Mmarekani Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953, hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa stadi siku baada ya siku, ingawa kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Zoezi lilikuwa limeacha alama ndani yake. Mazungumzo ya asubuhi hayakuacha alama ya namna hiyo ndani ya modeli.

Kwa hiyo mkulima aandike Njombe ndani ya swali lenyewe, kisha alirudie katika mazungumzo mapya matatu. Mwezi ukibadilikabadilika, jibu halina mizizi. Usipobadilika, bado unaweza kuwa kosa linalojirudia, na afisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kabla mbegu hazijaingia ardhini.