Mzazi Anarudi Jumatatu

Ofisi zetu zinajua kumpokea mtoto kuliko zinavyojua kumpokea mama yake anaporudi kazini. Mtoto akizaliwa, mchango unapitishwa na bahasha inajaa, kisha wajumbe wawili watatu wanakwenda kumwona mzazi wakiwa na sabuni na khanga. Miezi inapita, mama anarudi. Asubuhi anapokewa kwa vigelegele, na kabla ya saa nne ameshaombwa maelezo ya mambo yaliyotokea yeye akiwa nyumbani. Mchana matiti yamejaa, hana pa kwenda, anaishia kujikamua chooni na kumwaga.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Akifanya hivyo, siku anayorudi mtoto wake ana umri wa miezi miwili tu. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi afikishe miezi sita. Kwa hiyo anayerudi Jumatatu bado ananyonyesha, tena kwa wingi, na mpango wowote wa kumrahisishia wiki ya kwanza uanzie hapo.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama amnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Aliyeandika hivyo pengine aliwaza mtoto yuko karibu. Anayetoka Mbagala kufanya kazi Posta hawezi kwenda kunyonyesha na kurudi ndani ya saa mbili, foleni pekee itazimaliza. Ndiyo maana wengi huomba kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Ni nafuu, ila ina kasoro moja. Kutoka alfajiri alipomwacha mtoto kwa bibi au dada wa nyumbani hadi saa tisa ni muda mrefu mno kwa titi lililozoea kunyonywa kila baada ya saa mbili tatu. Maziwa yakikaa, titi linakuwa gumu na kuuma. Likianza kuwa jekundu upande mmoja na homa ikapanda, huo ni uvimbe wa titi na anahitaji kituo cha afya, si kidonge cha kutuliza maumivu alichoazima kwa jirani wa meza. Tena titi lisipotolewa maziwa, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki na unayapunguza.

Mpangilio unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuzigawa saa hizo: nusu saa ya kukamua saa nne, nusu saa nyingine saa saba, kisha kutoka saa kumi. Haya yakubaliwe na mkuu wa kitengo kabla hajaripoti, kwa maandishi hata ya mistari miwili, ili asilazimike kuomba ruhusa upya kila siku mbele ya watu.

Hapo ndipo msaada wa mwenzake unapoingia. Mama anahitaji chumba chenye komeo kwa ndani, kiti, na soketi kama anatumia pampu. Stoo ya mafaili inatosha ikifagiliwa. Choo hakifai, kwani hicho ni chakula cha mtoto. Anahitaji pia mahali pa kunawia mikono na pa kuhifadhi maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam mchana hupita hapo bila shida, kwa hiyo yasiachwe mezani. Kwenye jokofu hukaa hadi siku nne, yakiwekwa ndani kabisa wala si mlangoni, yameandikwa jina na tarehe. Pasipo na jokofu, au umeme ukiwa wa kukatikakatika, kasha dogo la kutunzia baridi, ndugu wa lile deli la wauza aiskrimu, likijazwa barafu ya kutosha huyatunza hadi saa 24. Basi kabla ya Jumatatu, wewe tafuta ufunguo wa stoo na uhamishe soda zilizojaa kwenye jokofu la ofisi. Kazi ya robo saa.

Upande wa kazi yenyewe, tuchukue kitengo cha mishahara. Anarudi tarehe 18, mishahara inatoka tarehe 25. Wenye huruma watasema asiguse chochote mpaka azoee, wasio nayo watamrudishia kila kitu asubuhi ileile. Wa kwanza nao wanaumiza, maana mtu anayekaa wiki nzima bila kazi huanza kujiuliza kama nafasi yake bado ipo. Njia nzuri ni hii: aliyemshikia kazi anaandaa mishahara ya mwezi huu, mwenyewe anaikagua. Ya mwezi ujao anaiandaa mwenyewe, aliyemshikia anakagua. Kila msaada uwe na tarehe ya mwisho inayojulikana na wote wawili.

Siku ya kwanza apewe ukurasa mmoja: wafanyakazi walioingia na waliotoka, makato yaliyobadilika, malalamiko ambayo hayajajibiwa, na nani anasubiri nini. Barua pepe za miezi mitatu asiambiwe azisome zote. Mchagulie kumi zenye uzito, nyingine atazitafuta akizihitaji. Na kama ana siku za likizo ya mwaka zilizobaki, anaweza kuomba tatu ili aanze Alhamisi badala ya Jumatatu. Siku mbili za kazi, kisha mapumziko ya mwisho wa wiki ya kurekebisha kile ambacho dada wa nyumbani hakukielewa.

Haya yote mwambie mwenyewe kwanza, kabla hujaenda kwa bosi. Ukimwombea kazi nyepesi bila yeye kujua, unaweza kumfunga mdomo katika jambo alilotaka kulipanga kwa njia yake. Ujumbe wa Wasapu wiki moja kabla unatosha: “Habari za mtoto, mama? Jumatatu tunakusubiri. Mishahara ya mwezi huu naiandaa mimi, wewe utakagua, kama unaona inafaa. Ufunguo wa stoo ninao, ina komeo na soketi. Usihangaike kujibu sasa.” Linganisha na lile “ukihitaji chochote niambie,” ambalo linamrudishia kazi ya kufikiri ahitaji nini, na ya kuona haya kuomba.

Akifika, mwambie hongera na umuulize mtoto anaitwa nani. Habari za kunenepa ziache, na usimuulize “likizo ilikuwaje”, kwa sababu hakuwa Bagamoyo akipunga upepo. Aliyejifungua kwa upasuaji asibebeshwe maboksi ya mafaili.

Kuna pia anayerudi bila mtoto. Sheria inampa mama siku 84 nyingine za likizo yenye malipo mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, lakini siku ya kurudi hufika. Kwa hiyo mmoja wenu aulize mapema, kwa faragha, na awaambie wengine kabla keki haijaagizwa. Kwake, mpe pole na ukurasa wake mmoja wa kazi, na umwachie yeye aamue lini atazungumza.

Bosi akisema hajawahi kusikia habari za saa mbili, msibishane koridoni. Chapisheni kifungu cha 33 na mkiweke mezani kwake Ijumaa, kabla mama hajaripoti.