Vilele Vilivyokatwa: Sauti Ipi Hurekebishika?

Tuchukue rekodi ya harusi iliyofanywa kwa simu iliyowekwa jirani na spika. Katika nasaha za mzee, ni maneno aliyoyakazia tu yanayokwaruza. Bendi ilipoanza, kila pigo la besi linapasua sauti ya mwimbaji. Chanzo ni kimoja: rekodi ya kidijitali ina kikomo, na sauti inayokizidi huandikwa vilele vyake vikiwa bapa. Kupunguza sauti baadaye hakusaidii, kwani ubapa unabaki palepale.

Programu ya bure ya Audacity ina chaguo la `Show Clipping`, linaloweka mistari myekundu palipogonga kikomo. Usiliamini peke yake. Kama sauti ilikatwa kwenye mikisa kisha ikapunguzwa kabla ya kufika kwenye rekoda, mistari haitatokea ingawa vilele ni bapa. Vuta wimbi karibu hadi uone nukta moja moja. Kwa kawaida sekunde moja ina nukta 44,100.

Kwenye neno la mzee, huenda ukakuta nukta sita au kumi tu zimelala sawa, huku mpando na mteremko wa kilele vikiwa vizima. Hapo tumia `Clip Fix`. Huanza na asilimia 95: nukta zinazofikia kiwango hicho cha kilele kikubwa zaidi katika sehemu uliyochagua huhesabiwa kuwa zimekatwa. Kisha programu huchora upya kilele kwa kufuata mwelekeo wa nukta zilizosalia pande zote mbili. Kilele hicho kitakuwa kirefu kuliko cha awali, ndiyo maana sauti yote uliyochagua hushushwa, kwa kawaida desibeli 9, ili kisigonge kikomo tena.

Kwenye wimbo, mambo ni mengine. Besi inayotetema mara 80 kwa sekunde ina nukta kama 275 katika nusu ya wimbi. Ukikuta 200 kati yake ni bapa, mteremko wa kuongoza mchoro haupo tena. Zaidi ya hapo, sauti ya mwimbaji ilikuwa imepanda juu ya wimbi la besi, nayo ilikatwa pamoja nalo. Herufi “s” inayotetema takriban mara 6,000 kwa sekunde ingetetema mara 27 ndani ya pengo hilo. Programu itachora kilima laini cha besi. “S” haina pa kuitoa.

Sikiliza sehemu fupi kabla na baada ya kurekebisha, kwa ukubwa uleule wa sauti. Mkwaruzo ukipungua na neno likasikika vizuri zaidi, endelea. Mkwaruzo ukigeuka mvumo butu na maneno yakabaki hayaeleweki, acha. Hifadhi nasaha za mzee, na kwa wimbo, tafuta mgeni aliyerekodi akiwa mbali na spika.