P0171: Hewa Isiyohesabiwa

Jirani yangu alinunua sensa mpya ya oksijeni kwa ajili ya gari lake dogo la sisi 1,500. Siku ya tatu taa ya cheki injini ikawaka tena, na kodi ilikuwa ile ile, P0171. Sensa aliyoitupa ilikuwa nzima. Kazi yake ni kuupima moshi wa ekzosi, nayo ilisema kweli: petroli haitoshi kwa hewa iliyoingia.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sensa ya hewa, iliyo karibu na filta, huihesabu hewa hiyo, na kompyuta hupima petroli kwa hesabu hiyo. Sensa ya oksijeni ikionyesha upungufu, kompyuta huongeza petroli na kuitunza nyongeza hiyo kwa asilimia. Kwenye mashine ya fundi utaona STFT, nyongeza ya papo hapo, na LTFT, iliyokwisha kuzoeleka. Zijumlishe.

Fundi wa pili aliiacha injini ingurume bila kukanyaga pedali, jumla ikasoma 24. Alipopandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 6. Akajua kuna hewa inayoingia baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Tuseme ufa unavuta gramu 0.6 kwa sekunde. Injini iliyotulia hupitisha gramu kama 2.5, kwa hiyo hizo 0.6 ni karibu robo nzima. Zikipita gramu 10, kiasi kile kile ni asilimia 6 tu. Ufa wenyewe ulikuwa upande wa chini wa mpira mnene wa hewa, hauonekani mpaka uukunje.

Ingekuwa kinyume, yaani jumla ni ndogo gari likitulia na inapanda likipanda mlima, ningeuacha mpira na kushuku mambo mawili. Huenda presha ya petroli ni ndogo kwa sababu pampu imechoka au filta imeziba. Hilo huamuliwa kwa geji, na gari likiwa na mzigo, kwa kuwa pampu dhaifu huweza kusoma vizuri likiwa limesimama. Presha ikiwa sawa, sensa ya hewa huenda ina vumbi na inahesabu pungufu. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, bila brashi wala kitambaa, maana waya wake ni mwembamba mno.

Magari yasiyo na sensa hiyo, yanayopima mgandamizo ndani ya manifodi, hayafuati kanuni hii ya ufa.

Kabla hujalipia kifaa chochote, mwombe fundi akusomee jumla hiyo mara mbili: injini ikiwa imetulia, na ikiwa kwenye mizunguko 2,500.