Saa ya Kompyuta Inayoyumba kwa Makusudi

Kwenye menyu ya BIOS ya kompyuta nyingi za mezani, ndani ya kurasa za kurekebisha kasi, kuna mstari ulioandikwa `Spread Spectrum`. Mbele yake kuna chaguo kama `Enabled`, `Disabled` au `Auto`. Vijana wanaopenda kuisukuma kompyuta hadi ukomo wa kasi yake huuzima mara tu wanapouona, kwa kuwa wamesikia kwamba unaondoa uthabiti. Mafundi wengi huuacha kama walivyoukuta. Mstari huo ndio unaoamua kama saa ya kompyuta itapiga kwa masafa yaleyale daima, au itayumba kidogo, zaidi ya mara 30,000 kwa kila sekunde, kwa makusudi kabisa.

Saa inayozungumziwa hapa si ile inayoonyesha saa na dakika. Ni saketi iliyo kwenye bodi kuu, inayotoa mapigo ya umeme milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100. Prosesa, kadi ya picha na diski ya kasi hupokea mapigo hayo na kuyazidisha kupata kasi zao. Kutoka pigo moja hadi lingine ni nanosekunde 10.

Shida ni kwamba kila waya unaopitisha mapigo hayo ni antena ndogo. Tena mapigo ya saa hupanda na kushuka ghafla, kwa hiyo hayatoi wimbi la megahezi 100 peke yake, bali pia mazidisho yake: 200, 300, 500, mpaka 900 na kuendelea. Megahezi 100 zenyewe ziko katikati ya bendi ya FM. Redio ndogo ikiwekwa karibu na kompyuta iliyovuliwa kifuniko, stesheni dhaifu iliyo jirani na 100 inaweza kumezwa.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zina mamlaka zinazoweka mipaka. Huko Marekani, FCC inataka kifaa cha nyumbani, kikipimwa kutoka mita 3, kisitoe zaidi ya maikrovolti 150 kwa mita katika masafa ya megahezi 88 hadi 216. Namna ya kupima ina uzito wake katika habari hii. Kipokezi cha maabara hakijumlishi mawimbi yote kwa mpigo. Hutazama kupitia dirisha jembamba la kilohezi 120, hulisogeza dirisha hilo polepole kwenye bendi yote, na huandika kilele kinachoonekana kila linapopita. Saa isiyoyumba huweka nguvu zake zote ndani ya dirisha moja, na kwenye skrini huonekana kama sindano iliyosimama wima.

Mwaka 1994, wahandisi watatu wa kampuni ya printa ya Lexmark, Keith Hardin, John Fessler na Donald Bush, waliwasilisha kwenye mkutano wa IEEE njia ya kuilaza sindano hiyo bila kuongeza mabati ya kuziba mawimbi. Badala ya kuishika saa pale pale kwenye megahezi 100, inaachwa ishuke taratibu hadi 99.5, kisha ipande tena, bila kukoma. Tofauti ni nusu ya asilimia tu, lakini nusu ya asilimia ya megahezi 100 ni kilohezi 500, upana unaozidi madirisha manne ya kipokezi. Nguvu iliyokuwa imerundikana mahali pamoja sasa imetandazwa, na kila dirisha linaona kama robo yake. Hiyo ni karibu desibeli 6 pungufu. Kwenye zidisho la tisa, megahezi 900, utandazaji nao huzidishwa mara tisa na kufika megahezi 4.5, hivyo kilele hushuka kwa desibeli 15 hivi.

Nguvu yenyewe haikupungua. Ni kama mchanga uliomwagwa kichuguu kimoja kisha ukasawazishwa kwa reki: mchanga ni uleule, kichuguu hakipo. Redio ya FM, ambayo husikiliza ukanda mwembamba, hupata nafuu. Chaneli ya televisheni ya dijitali yenye upana wa megahezi 8 huweza kuimeza takataka yote hata baada ya kutandazwa, kwa kuwa yote bado imo ndani yake.

Namna ya kuyumba pia ina hesabu yake. Mtoto aliye kwenye bembea hupita kasi katikati na hukawia kwenye ncha mbili anapogeuka. Saa ikiyumbishwa kwa mwendo wa bembea, nguvu hurundikana kwenye ncha na kuota pembe mbili pale ambapo sindano ilitakiwa kulala. Kwa hiyo saketi nyingi hutumia mwendo wa pembetatu: kushuka kwa kasi isiyobadilika, kisha kupanda vivyo hivyo. Wale wa Lexmark walikwenda mbele zaidi wakachora mwendo unaopita haraka kwenye ncha, na mchoro wake ukafanana na ile chokoleti ya Marekani iitwayo Hershey's Kiss. Jina hilo likabaki. Kasi ya kuyumba nayo huwekwa kati ya kilohezi 30 na 33. Imepita uwezo wa sikio la binadamu, kwa hiyo haigeuki mluzi kwenye redio, na bado ni ya polepole kiasi cha saketi nyingine kuweza kuifuata.

Je, mapigo yakiyumba, kompyuta haikosei?

Ndani ya prosesa, data hutoka kwenye kituo kimoja kwa pigo moja na lazima ifike kituo kinachofuata kabla ya pigo la pili. Pigo likiwahi, data hukutwa njiani. Kama saa ingeyumba pande zote mbili, juu na chini ya megahezi 100 kwa robo ya asilimia, kuna nyakati ambapo nanosekunde 10 zingekuwa 9.975. Pikosekunde 25 zingekatwa kutoka kwenye nafasi ambayo msanifu aliiacha kwa usalama. Ndiyo sababu kwenye kompyuta saa huyumbishwa kuelekea chini tu. Pigo halifupiki kamwe kupita nanosekunde 10. Linarefuka hadi 10.05. Gharama yake ni kwamba wastani wa kasi unakuwa megahezi 99.75, yaani kazi hupungua kwa robo ya asilimia.

Badiliko kati ya pigo na jirani yake ni dogo mno. Mshuko mmoja huchukua mapigo zaidi ya 1,500, na katika mshuko huo wote pigo hurefuka kwa pikosekunde 50. Kila pigo linazidi lililotangulia kwa kama sehemu ya thelathini ya pikosekunde moja. Kwa saketi inayohesabu pigo hadi pigo, badiliko hilo si kitu.

Badiliko likilimbikizwa ndipo linapotisha, na osiloskopu hulionyesha wazi. Fundi akiifunga skrini kwenye ukingo wa pigo moja, pigo linalofuata huonekana kama mstari safi, maana ukungu wake ni pikosekunde 50 tu. Akisogeza mtazamo hadi maikrosekunde moja mbele, ukungu huwa karibu nanosekunde 5, nusu nzima ya pigo. Akienda maikrosekunde 5, hakuna tena ukingo wa kuonekana. Skrini imejaa utando mtupu. Ukilinganisha saa hiyo na saa tulivu yenye wastani uleule, itatangulia na kuchelewa kwa jumla ya nanosekunde 20 katika kila mzunguko wa kuyumba. Kwenye njia ya PCI Express inayopitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, biti moja ina pikosekunde 200. Saa imepotoka kwa urefu wa biti 100.

Hata hivyo kadi ya picha husoma data yake bila kosa. Jibu liko kwenye ngoma. Mpiga ngoma akipunguza mwendo taratibu, wachezaji wote wanaomsikia hupunguza naye, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Prosesa na kadi ya picha hupokea mapigo kutoka saketi ileile, hivyo huyumba pamoja. Kinachopungua ni kidogo: kila upande una saketi yake ya kufuata mapigo, na saketi nzito ya kugeuka huchelewa kidogo nyuma ya mwendo. Uchelewaji huo hutolewa kwenye nafasi ya usalama, na kama saketi mbili zinatofautiana wepesi, tofauti yao ndiyo hasara halisi.

Ngoma zikiwa mbili, mambo hugeuka. Chukua sanduku la nje lenye diski za kasi, linalounganishwa na kompyuta kwa kebo ya PCI Express na kubeba saa yake yenyewe. Kiwango huruhusu kila saa kukosea sehemu 300 kwa milioni, kwa hiyo saa mbili tulivu hutofautiana kwa sehemu 600 kwa milioni. Mpokeaji hubaki nyuma au kutangulia kwa herufi moja katika kila herufi 1,666. Ana ghala dogo la kuhifadhia herufi, na mtumaji humtupia herufi za kujaza, zisizo na maana, angalau mara moja kila herufi 1,538, ili aziongeze au azitupe na ghala lisifurike wala kukauka. Sasa saa moja ikianza kuyumba kwa nusu ya asilimia, tofauti hupanda hadi sehemu 5,600 kwa milioni. Herufi moja huteleza kila baada ya herufi 178. Zile za kujaza zinakuja kwa kuchelewa mno.

Dalili yake ni kiungo kinachoonekana kizima kisha kinaanza kukohoa: diski inapungua kasi chini ya mzigo, inapotea, inarudi. Kwenye Linux, amri `lspci -vv` ikitumiwa kwa ruhusa ya `root` inaweza kuonyesha `RxErr+` au `BadTLP+` kwenye mstari wa `CESta`. Alama hizo peke yake hazitoshi, kwani kebo mbovu huleta zilezile. Lakini makosa yakitoweka mara `Spread Spectrum` inapozimwa, bila kebo kuguswa, chanzo kimepatikana. Vifaa vilivyotengenezwa kwa hali inayoitwa SRIS huvumilia saa mbili zinazoyumba kila moja kivyake: ghala lao ni kubwa zaidi, na herufi za kujaza hutumwa kila baada ya herufi zisizozidi 154. Pande zote mbili lazima ziwe na uwezo huo.

Vipo vifaa vingine ambavyo saa zao haziyumbishwi hata kidogo. USB 2.0 huruhusu kosa la sehemu 500 kwa milioni, na kebo ya mtandao wa Ethernet huruhusu 100 tu, kwa hiyo hupewa mapigo kutoka chanzo kingine. Kristali ya hezi 32,768 inayotunza tarehe na saa nayo huachwa itulie. Ingepunguzwa kwa wastani wa robo ya asilimia kama ile saa kubwa, kompyuta ingechelewa kwa dakika 3 na sekunde 36 kila siku.